Saa mpya, mapigo mapya: kwa nini namba za zamani hazilingani na za sasa, na la kufanya

Kila mwaka kuanzia Januari, Moshi inapojaa watu wanaojiandaa na Kilimanjaro Marathon, saa mpya huongezeka mikononi mwa wanakikundi wetu wa mbio, na maswali nayo huongezeka. "Kaka, jana mapigo yangu yalikuwa 64, leo saa mpya inasema 55. Nimekuwa mwanariadha kwa usiku mmoja?" Mwingine huja na kinyume chake, namba imepanda, na tayari ameshaamini kwamba ana tatizo la moyo.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili wanazoleta. Tafuta inayofanana na yako, kisha anza na sababu ya juu, kwa kuwa ndiyo inayopatikana mara nyingi. Usifute akaunti wala kurudisha saa dukani kabla hujamaliza ukaguzi mdogo.

Kwanza elewa jambo moja. Saa yenyewe haipimi "mapigo ya mapumziko", yaani idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika ukiwa umetulia. Inapima mapigo muda wote ikiwa mkononi, kisha kanuni iliyowekwa na kampuni inachagua ni mapigo gani yaitwe ya mapumziko, na kanuni hizo hazifanani. Apple Watch hutumia vipimo inavyochukua kimyakimya wakati umetulia, ikilinganisha na kihisi cha mwendo ili ijue kweli hujasogea. Garmin hutafuta nusu saa yenye wastani wa chini kabisa ndani ya saa 24, na kwa mtu anayelala na saa mkononi, nusu saa hiyo karibu kila mara huangukia usiku. Fitbit huchanganya data za ukiwa macho na za usingizini. Pete ya Oura hutazama usingizi. Moyo wa saa tisa usiku ukiwa umezama usingizini hupiga polepole kuliko wa saa nne asubuhi ukiwa umekaa kitini unakunywa chai. Kwa hiyo 64 na 55 zinaweza kuwa kweli zote mbili, siku hiyohiyo, kwa mtu yuleyule.

Dalili ya 1: Namba imeshuka ghafla tangu siku ya kwanza

Hii ndiyo inayoongoza. Kushuka kwa mapigo kunakotokana na mazoezi huchukua wiki na miezi, na huja kidogokidogo. Namba ikishuka kwa mapigo manane au tisa siku ileile uliyofungua boksi, kilichobadilika ni kifaa.

Sababu ya kwanza ni muda unaochaguliwa. Saa ya zamani ilikuwa ikitazama mchana, hii inatazama usiku. Kuhakikisha ni rahisi: fungua mchoro wa mapigo wa saa 24 kwenye programu ya saa mpya, tazama sehemu ya chini kabisa ya usiku, kisha tazama kipindi cha jioni ulipokuwa umekaa. Kama namba ya mapumziko iko jirani na shimo la usiku, umepata jibu, na hakuna cha kurekebisha.

Sababu ya pili ni mara ngapi saa inapima. Mikanda mingi ya bei nafuu ya kupimia mapigo huja ikiwa imewekwa kupima kila baada ya dakika 10 au 30 ili kutunza chaji. Mapigo ya chini kabisa ya usiku yanaweza kupita katikati ya vipimo viwili bila kuonekana. Saa mpya inayopima mfululizo huyanasa yote. Ingia kwenye mipangilio ya saa ya zamani, kama bado inawaka, uone ilikuwa imewekwa dakika ngapi.

Ya tatu, jiulize kama ya zamani ulikuwa unalala nayo. Wengi walikuwa wakiivua usiku kuichaji, hasa zile zisizomaliza siku mbili. Saa iliyolala kwenye chaja haikuwahi kuuona usingizi wako hata mara moja.

Ya mwisho hutokea kwa nadra, lakini ndiyo inayonifanya nisimwambie mtu yeyote "ni saa tu" kabla hajahesabu kwa kidole. Moyo ukipiga bila mpangilio, baadhi ya mapigo huwa dhaifu kiasi kwamba mshindo wake haufiki vizuri kwenye kifundo cha mkono. Taa ya kijani iliyo nyuma ya saa hutambua mapigo kwa kusoma damu inavyoongezeka na kupungua chini ya ngozi, kwa hiyo mapigo yale dhaifu huyaruka, na namba hutoka ndogo kuliko hali halisi. Ukigusa mshipa ukakuta mapigo yanarukaruka, hilo si suala la saa. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Kuhesabu kwa kidole hufanywa hivi. Ukiamka, kabla hujatoka kitandani wala kushika simu, weka ncha za kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba kuhesabia, kwa kuwa lina mshindo wake na litakuchanganya. Hesabu sekunde 60 kamili. Wanaohesabu 15 na kuzidisha kwa nne wakikosea pigo moja tu, wamekosea manne.

Dalili ya 2: Namba imepanda

Anza na mkanda. Saa iliyolegea huruhusu mwanga wa nje kuingia na hucheza kila ukigeuka kitandani. Isogeze juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, kiasi cha upana wa kidole, uikaze isiteleze lakini isiache alama nzito. Kwa Arusha, Juni na Julai kuna jambo la ziada: baridi hufanya mishipa ya ngozi isinyae, damu inayofika chini ya taa inapungua, na saa inaanza kubahatisha. Lala na mkono ndani ya blanketi siku mbili tatu uone kama namba inatulia.

Kisha angalia kama namba hiyo imetokana na siku nzima. Siku za mwanzo saa hutoa jibu kwa data chache, na ukiivua saa nne usiku ukaivaa asubuhi, inalazimika kuchagua mapumziko kutoka kwenye mchana pekee. Saa ileile, ukilala nayo na usipolala nayo, inaweza kukupa historia mbili.

Sababu inayofuata ni mwili wenyewe, na hapa ndipo watu wanapopotea, kwa sababu wakishasikia kwamba saa mpya hutofautiana na ya zamani, kila kitu wanaitwika saa. Homa hupandisha mapigo. Usingizi mbovu, maji machache na pombe pia. Dawa ya pumu ya salbutamol huyapandisha, na baadhi ya dawa za presha kama atenolol huyashusha, hivyo mtu aliyeacha au kuanzishiwa dawa wiki ileile aliyonunua saa hawezi kutenganisha mambo hayo mawili kwa kuangalia mchoro. Mjamzito naye mapigo yake hupanda kadiri mimba inavyokua, hata kama kifaa hakijabadilika.

Kwa wale wanaofanya kazi mlimani: namba za juu ya Horombo, mita 3,720, usizilinganishe na za nyumbani Marangu au Moshi mjini, kwa kuwa hewa nyepesi hupandisha mapigo hata ukiwa umelala. Kama umenunua saa mpya siku moja kabla ya kupanda, subiri ushuke na upumzike kwanza.

Dalili ya 3: Historia imeunganishwa na mchoro una ngazi

Umeunganisha saa zote mbili na simu moja, na programu ya afya imechora mstari mmoja kutoka mwaka jana hadi leo, ukiwa na mwanguko mkali katikati. Programu hizi huhifadhi namba zinazoletewa. Apple Health na Health Connect hupokea 64 ya huyu na 55 ya yule na kuziweka kwenye jina lilelile, bila kuuliza kila mmoja alipata vipi.

Ukaguzi mdogo: tazama chanzo cha kila namba. Kwenye Apple Health fungua `Resting Heart Rate`, shuka hadi `Data Sources & Access`, utaona vifaa vilivyochangia. Tarehe ya ngazi ikilingana na tarehe ya kifaa kipya, basi. Usifute data za zamani ili mchoro upendeze. Zipakue kwanza, kwa kuwa ukishafunga akaunti ya zamani hazirudi.

Marekebisho ya ndani zaidi ni kuvaa saa zote mbili kwa wiki mbili, moja kila mkono, bila kubadilishana mikono. Kila asubuhi andika namba za jana za vifaa vyote viwili. Dada mmoja wa kikundi chetu alifanya hivyo. Betri ya saa yake ya zamani ilikufa kabla wiki mbili hazijaisha, lakini siku alizopata zilitosha kuonyesha jambo. Ya zamani ilikuwa ya aina inayotazama utulivu wa mchana, mpya inachukua nusu saa ya chini kabisa.

| Siku | Zamani | Mpya | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Jumatatu | 64 | 55 | 9 |
| Jumanne | 63 | 55 | 8 |
| Jumatano | 65 | 56 | 9 |
| Alhamisi | 64 | 54 | 10 |
| Ijumaa | 66 | 57 | 9 |
| Jumamosi | 64 | 55 | 9 |
| Jumapili | 66 | 64 | 2 |
| Jumatatu | 65 | 58 | 7 |
| Jumanne | 64 | 55 | 9 |
| Jumatano | 63 | 54 | 9 |

Usichukue wastani wa safu ya mwisho. Wastani ni 8.1, umevutwa chini na Jumapili moja. Panga tofauti kutoka ndogo hadi kubwa uchukue ya katikati, au kama unatumia Google Sheets au Excel, na tofauti ziko safu ya D:

```
=MEDIAN(D2:D11)
```

Jibu ni 9. Sasa tunaweza kuisoma ngazi yake. Novemba, saa ya zamani ilimpa wastani wa 70. Programu sasa inaonyesha 55, na yeye alikuwa ameshawatangazia watu kwamba mazoezi yamemshusha mapigo 15. Saa ya zamani peke yake inasema alitoka 70 hadi takriban 64, yaani mapigo 6. Tisa zilizobaki zilikuja na boksi. Mapigo 6 kwa miezi mitatu ya mazoezi si haba, na ndiyo aliyostahili kujivunia.

Tisa hiyo ni yake. Wawili wakinunua saa za aina moja, wakitoka kwenye saa za aina moja, bado tofauti zao hazitafanana, kwa kuwa si kila moyo unashuka kwa kiasi kilekile usiku. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema "ukihama kutoka saa hii kwenda ile, toa tisa", mwache aendelee na safari yake.

Kama saa ya zamani imeshakufa kabisa, wiki mbili za pamoja hazipatikani tena. Hapo piga mstari wima kwenye tarehe ya kubadili, uanze historia mpya. Kabla ya mstari soma mwelekeo wa zamani, baada ya mstari soma mwelekeo mpya, na usivuke katikati. Mwenye bahati ni yule aliyekuwa akihesabu kwa kidole asubuhi na kuandika kwenye daftari, kwa kuwa daftari halibadiliki ukinunua saa nyingine.

Dalili ya 4: Nimevaa zote mbili na tofauti haikai sawa

Rudi kwenye Jumapili ya jedwali. Jumamosi usiku dada yetu alikuwa harusini Kibosho, mbege ilikuwepo, na alilala karibu saa nane usiku. Pombe ilipandisha mapigo yake usingizini, na saa mpya, inayoishi kwa kutazama usiku, ikaruka kutoka 55 hadi 64. Kufikia mchana wa Jumapili pombe ilikuwa imeisha nguvu, akakaa barazani ametulia, na saa ya zamani ikaandika 66, karibu na kawaida yake. Saa zote mbili zilifanya kazi yake. Moja iliulizwa habari za usiku, nyingine habari za mchana.

Ndiyo sababu hata ile 9 haitoshi kugeuza historia ya zamani kuwa mpya. Inasawazisha kimo cha siku za kawaida tu. Ukitoa 9 kwenye miaka miwili ya data za zamani, utapata mstari ulio kwenye kimo sahihi lakini umelala mno: usiku wa harusi, homa ya siku moja, chakula kizito cha saa sita usiku, vyote havitaonekana kwa nguvu ambayo saa mpya ingevionyesha. Kisha mwaka huu utaona miinuko mingi na kudhani afya imeyumba, kumbe kifaa kina macho makali upande wa usiku. Kwa anayefunga Ramadhani jambo hili huonekana zaidi. Kula usiku na kukatiza usingizi kwa ajili ya daku hugusa namba za usiku, na saa inayotazama mchana inaweza isionyeshe kitu, au ikaonyesha kinyume.

Ukaguzi ni kuandika pembeni ya kila tofauti isiyo ya kawaida nini kilitokea usiku ule. Tofauti zikiyumba na matukio, kanuni za saa ndizo zinazotofautiana. Zikiyumba bila tukio lolote, leo 3, kesho 14, moja ya saa inasoma vibaya. Hapo badilisha mikono kwa siku chache uone kama tatizo linahama na saa au linabaki na mkono. Likihama na saa, safisha kioo cha nyuma kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, maana jasho na mafuta ya ngozi hujenga utando. Likibaki na mkono, angalia tatuu au kovu chini ya taa.

Mashine ya presha ya kidijitali huonyesha mapigo pia, na duka la dawa la jirani linaweza kukupimia. Itumie kama shahidi wa dakika ileile tu: kaa dakika tano, saa ikiwa mkono mwingine, linganisha mapigo ya sasa hivi. Usiilinganishe na namba ya mapumziko ya saa, vitu hivyo viwili havifanani.

Dalili ya 5: Siku nyingine namba haipo kabisa

Karibu kila mara ni hali ya kutunza chaji imewashwa, au simu imeizuia programu kufanya kazi nyuma. Simu nyingi za Android hufanya hivyo zenyewe. Ondoa kizuizi cha betri kwa programu ya saa, kisha subiri siku mbili. Siku zenye pengo usizijaze kwa kukisia, na usiziingize kwenye hesabu ya tofauti.

Dalili ya 6: Sijabadili saa, ila namba imeruka

Angalia tarehe ya sasisho la mwisho la programu ya saa. Kampuni ikibadilisha kanuni, umebadili kifaa bila kununua. Piga mstari wima, endelea kama dalili ya 3.

Lini uache saa na kutafuta mtaalamu

Acha kulinganisha na nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na maumivu ya kifua, kuzimia au kukaribia kuzimia, kukosa pumzi ukiwa umekaa, au moyo kwenda mbio ghafla bila kutulia. Usisubiri wiki mbili za saa mbili.

Nenda katika siku chache kama kidole chako, na siyo saa, kinahesabu zaidi ya 100 asubuhi kadhaa ukiwa umepumzika, au mapigo yasiyo na mpangilio, au chini ya 50 pamoja na kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida. Mwanamichezo anaweza kuwa na mapigo ya chini ya hapo akiwa mzima kabisa, kwa hiyo dalili zinazoambatana ndizo zinazoamua. Mapigo yakipanda pamoja na homa, pima malaria kwanza. Kipimo cha umeme wa moyo kinapatikana hospitali kubwa kama KCMC kwa walio Moshi, na kwa walio Arusha waweza kuanzia Mount Meru. Dawa ya presha usiiache wala kuipunguza kwa sababu saa mpya imeonyesha namba ndogo.

Upande wa kifaa: mgongo wa saa ukiinuka, kioo kikitengana, au ikipata moto kiasi cha kuchoma ngozi, ivue na usiichaji tena. Betri iliyovimba haibonyezwi irudi. Peleka kwa fundi anayeshughulika na betri, na usiifungue mwenyewe kwa kisu.

Ukienda kwa daktari, beba namba ulizohesabu kwa kidole, orodha ya dawa zako, na tarehe uliyobadili saa. Mwambie tarehe hiyo kabla hujamwonyesha mchoro kwenye simu, asije akatafuta ugonjwa kwenye ngazi iliyoletwa na kifaa.